Dakika Tisa za Kushika Kipanya

Fomu ya andalio la somo ina visanduku vyake: tarehe, darasa, kipindi, idadi ya walioandikishwa na waliohudhuria, umahiri, zana, hatua za somo. Mwalimu ninayemzungumzia, anayefundisha kompyuta katika shule moja ya kata mkoani Morogoro, hagusi kisanduku chochote kati ya hivyo mpaka ageuze karatasi na kupiga hesabu nyuma yake kwa penseli.

Wanafunzi wa mkondo huo ni 48. Kompyuta zilizomo chumbani ni kumi, zinazowaka ni nane. Vipindi ni viwili mfululizo, yaani dakika 80. Anatoa dakika tatu za kuingia na kukaa, tisa za maelezo ubaoni, nne za kuhama meza mara mbili, na kumi za kufunga somo. Zinabaki 54 za kazi.

Njia ya mkato ni kuwagawa wote kwenye mashine, sita kwa kila moja. Dakika 54 ukizigawa kwa sita unapata tisa: kila mtoto atashika kipanya kwa dakika tisa, kama mgawanyo utafuatwa kwa haki, jambo ambalo halijawahi kutokea katika darasa lolote. Njia ya pili ni makundi matatu ya watu 16 yanayopokezana kila dakika 18. Kundi lililo zamu linakaa wawili wawili kwenye mashine nane na kubadilishana katikati. Kumi na nane ukigawa kwa mbili, ni tisa vilevile.

Mwalimu aliizungushia duara ile tisa ya kwanza, kisha ya pili, akaniachia niiangalie. Zamu hazimwongezei mtoto hata dakika moja ya kompyuta. Kinachobadilika ni zile dakika 45 nyingine. Katika njia ya kwanza mtoto anazitumia kunyoosha shingo nyuma ya mabega ya wenzake. Katika njia ya pili anakuwa na tisa za kukaa karibu na mwenzake mmoja na 36 za kuwa kwenye meza isiyo na mashine. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuandaa somo hili ni kuzipangia dakika hizo 36, na huko ndiko alikotumia karibu jioni yake yote.

Mada katika azimio la kazi ni lahajedwali, au Ekseli kama wanafunzi waitavyo, ingawa programu iliyomo kwenye mashine zao ni LibreOffice Calc. Mada hiyo ni pana, naye aliipunguza mpaka ikabaki swali moja: fomula ikinakiliwa kwenda seli nyingine, anwani zilizomo ndani yake zinakuwaje? Alilichagua kwa sababu jibu lake linaonekana kwa macho ndani ya dakika tisa, na kwa sababu mtoto anaweza kulitabiri kwa penseli kabla ya kuiona skrini. Alisema swali lisilotabirika kwa penseli halifai kwa darasa la zamu, kwani meza zisizo na mashine zitabaki za kupoteza muda.

Kisha akatengeneza jedwali la duka la shule. Nalinakili hapa kama alivyoliandika:

```
    A         B      C         D         E
1   Bidhaa    Bei    Punguzo   Kiwango   0.1
2   Daftari   1500   =B2*E1
3   Sabuni    2000
4   Kalamu    500
5   Sukari    3000
```

Kila namba hapo ina sababu yake. Bei ni nyepesi ili punguzo lipigwe kichwani: 150, 200, 50, 300. Kiwango kimeandikwa 0.1 badala ya asilimia kumi ili alama ya asilimia isilete fumbo la pili wakati watoto wanapambana na la kwanza. Na seli ya E2 imeachwa tupu kwa makusudi.

Fomula ya C2 ikiburutwa chini, Calc inasogeza kila anwani mstari mmoja mmoja. C3 inakuwa `=B3*E2`, C4 inakuwa `=B4*E3`. Upande wa bei ndivyo inavyotakiwa. Upande wa kiwango, fomula imekwenda kutazama seli isiyo na kitu, na seli tupu ikizidishwa inahesabiwa kuwa sifuri. Punguzo la daftari litakuwa 150 na la bidhaa nyingine zote litakuwa 0. Mwalimu alifikiria kuandika neno lolote katika E2 ili mashine ipige kelele ya `#VALUE!`, akaghairi. Sifuri, alisema, inajifanya jibu. Mwanafunzi asiyesoma anachokiona ataipita, na mwalimu atamjua kwa hilo. Tiba yake ni alama mbili za dola, `=B2*$E$1`, ambazo zinaifunga anwani ya kiwango isitoke mahali pake huku ile ya bei ikiendelea kushuka.

Akaanza kupanga meza. Meza ya kwanza ni ya kompyuta. Ya pili aliita meza ya karatasi: hapo jedwali lilelile limechorwa kwa rula, na wanafunzi wanajaza fomula za C3 mpaka C5 kwa mkono, halafu wanaandika kila moja itatoa namba gani. Ya tatu ni meza ya makosa, ambako wanapewa jedwali lililokwisha haribika na kutakiwa kueleza limeharibikaje.

Hapa ndipo mipango mingi ya zamu huvunjika, nami nilitaka kuona atapitaje. Mfuatano mzuri unajulikana: kwanza utabiri kwenye karatasi, kisha uthibitisho kwenye mashine, kisha makosa. Lakini makundi ni matatu na yanaanza kwa wakati mmoja. Kundi A tu ndilo litakalopita njia hiyo nzuri. Kundi B litaanzia kwenye kompyuta bila kutabiri chochote, na kundi C litakutana na makosa ya jambo ambalo halijalisoma. Mwalimu asiyeliona hili mapema huligundua darasani, anapojikuta akilieleza somo lilelile mara tatu kwenye meza tatu.

Alilitatua kwa kuifanya kila meza ijitegemee. Meza ya makosa aliinyang'anya kabisa mambo ya leo na kuijaza ya wiki iliyopita, ambayo makundi yote yalikwisha yasoma. Kwa upande wa kompyuta, aliandika kadi ya manila ambayo hatua yake ya kwanza haigusi kibodi: andikeni kwenye daftari mnachotarajia kukiona katika C3, ndipo mburute. Utabiri wa kundi B utakuwa wa nusu dakika na huenda ukawa mbovu, lakini utakuwapo, na mtu aliyekwisha andika 200 hawezi kuitazama sifuri bila kushtuka.

Karatasi ya meza ya pili aliipa pande mbili. Upande mmoja una neno KABLA na mwingine una neno BAADA. Kundi lisilofika bado kwenye mashine linafanya upande wa KABLA, ambao ni utabiri. Kundi lililokwisha toka huko linageuza na kukuta jedwali limejaa namba tayari, zikiwamo zile sifuri tatu. Kazi yake ni kuandika kwa sentensi moja fomula ya kila seli ilikuwa ikitazama wapi. Karatasi ni moja na gharama ya kurudufu ni moja, ila kundi A na C wanatabiri wakati B wanaeleza. Zilitosha nakala 24, moja kwa kila wanafunzi wawili. Kadi za manila zilikuwa nane, karatasi za makosa nane, na hizi zote zinakusanywa kwa ajili ya mkondo mwingine.

Alipofika kwenye karatasi ya makosa alijiachia kabisa, nami nadhani alikuwa akiifurahia sehemu hii. Alichagua matatu tu. La kwanza ni fomula iliyoandikwa bila alama ya usawa mwanzoni, hivyo seli inaonyesha maandishi `B2*2` kama yalivyo. La pili ni jumla iliyojihesabu yenyewe: katika B6 mtu kaandika `=SUM(B2:B6)`, na Calc inajibu `Err:522`, maana inatakiwa kuijumlisha seli ambayo bado inaikokotoa.

La tatu ndilo zuri kuliko yote. Bei ya sabuni imeandikwa `2000/=`, kama sisi sote tunavyoandika bei kwenye vibao vya duka. Kwa Calc hayo ni maandishi, wala si namba. `SUM` huyaruka maandishi kimyakimya, bila onyo lolote, na jumla inakuja 5000 badala ya 7000. Hakuna alama nyekundu wala neno la kosa. Dalili ni moja: namba hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi hukaa kushoto. Kwenye karatasi yake mwalimu alihakikisha ile `2000/=` imeegemea kushoto waziwazi, kisha akaandika swali: kuna bei moja ambayo kompyuta haikuihesabu, mmejuaje ni ipi?

Majibu aliyatia kwenye bahasha, na kwenye bahasha akaandika ifunguliwe dakika ya kumi na mbili ya zamu. Meza hiyo haitakuwa na mwalimu, kwa hiyo lazima iwe na namna ya kujisahihisha.

Upande wa mashine alikwenda jana yake, baada ya masomo ya jioni. Hakuishia kuziwasha na kuona skrini inawaka. Kwenye kila kompyuta alibonyeza vitu vinne tu: alama ya usawa, nyota ya kuzidisha, alama ya dola, na Enter. Ndivyo vinavyohitajika kesho. Mengine yanaweza kungoja. Kwenye mashine ya tano Shift na 4 hazikutoa dola hata alipokandamiza kwa nguvu. Alichomoa kibodi ya mojawapo ya zile mbili mbovu akaihamishia hapo. Mashine ya saba saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, dalili ya betri ndogo ya ndani kwisha, naye akaiacha ilivyo kwa kuwa somo hili halihitaji tarehe.

Baada ya hapo akalishughulikia tatizo la faili. Kundi la kwanza likihifadhi kazi yake juu ya jedwali lilelile, kundi la pili litafungua na kukuta dola zimeshawekwa. Kwa hiyo alihifadhi jedwali kama kiolezo, lenye jina `duka.ots`. Kiolezo kikibofywa mara mbili, Calc hufungua nakala mpya isiyo na jina, na cha asili kinabaki safi. Wanaomaliza wanaihifadhi nakala yao kwa herufi ya kundi na namba ya mashine, mfano `B5`, na wanaofuata wanaanza na ukurasa ambao haujaguswa. Alijaribu kwenye kila mashine, zote nane, ingawa moja ingetosha kumwonyesha kwamba inafanya kazi.

Wawili wanaokaa pamoja aliwapa kazi kama za kwenye lori: mmoja dereva, mwingine utingo. Dereva anashika kibodi na kipanya, lakini hafanyi lolote ambalo utingo hajalisema kwa sauti. Utingo anashika kadi na hagusi mashine. Dakika ya tisa wanabadilishana na kufungua kiolezo upya. Katika orodha ya jozi, wale wenye kompyuta nyumbani wote walianza kama utingo. Nilipouliza, alisema mtoto anayejua kazi na mikono yake imefungwa hulazimika kuieleza, na asiyejua akishika kipanya kwanza haogopi tena dakika tisa za pili. Aliangalia pia wavulana na wasichana. Katika jozi zote zilizochanganyika, msichana aliandikwa dereva wa kwanza, kwa sababu bila orodha kipanya huishia mkono uleule kila wiki.

Na umeme? Hilo lilichukua mistari miwili tu kwenye andalio. Ukikatika, kundi lililo kwenye kompyuta linabaki hapohapo na kuletewa karatasi za upande wa KABLA. Dakika zilizopotea zinaandikwa kwenye daftari la zamu, na kundi hilo ndilo linaloanza na mashine kipindi kijacho. Daftari hilo la zamu lina jina la kila mwanafunzi na dakika alizoshika kipanya tangu muhula uanze. Alinionyesha ukurasa mmoja, ambamo kijana mmoja alikuwa nyuma kwa dakika 18 kwa sababu aliumwa malaria. Jina lake lilikuwa tayari kwenye mashine ya kwanza, kama dereva.

Siku ya somo sikuona mengi ya kushangaza, na hiyo ndiyo sifa yenyewe. Dakika tisa za ubaoni alizitumia kuchora jedwali na kuuliza C2 inatazama seli zipi. Hakuitaja dola. Makundi yakaenda kwenye meza zao, na chumba kikawa na mlio wa watu wanaozungumza kwa sauti ya chini, Kiswahili kitupu kwenye meza ingawa maelezo ya ubaoni yalikuwa ya Kiingereza.

Wakati wa kazi alisimama nyuma ya skrini, na hapo niliona jinsi macho yaliyozoea yanavyosoma. Kwenye mashine ya pili safu ya C ilikuwa na 150, 151, 152, 153. Hakuhitaji kuuliza. Calc ikiburutiwa namba moja pekee huiongeza moja kila mstari. Kwa hiyo hao walikuwa wamepiga hesabu kichwani na kuandika 150 kwa mkono badala ya fomula. Kwenye mashine ya sita majibu yalikuwa sahihi yote, 150, 200, 50, 300, mapema mno. Mwalimu aliinama akabonyeza Ctrl pamoja na kile kitufe kilicho kushoto kwa 1, ambacho hugeuza jedwali lionyeshe fomula badala ya majibu. Seli zote nne zilikuwa na namba tupu. Aliwaambia, "Badilisheni kiwango kiwe 0.2," akaondoka. Nyuma yake nikasikia utingo akisema, "Mbona haibadiliki?" na dereva akianza kufuta.

Kulikuwa na kifuniko chekundu cha chupa kando ya kila kompyuta. Anayekwama anakiweka juu ya skrini na kuendelea kujaribu, badala ya kunyoosha mkono na kungoja. Vilipanda vitatu katika zamu nzima ya kwanza, na kimoja kilishuka kabla hajakifikia.

Katika zamu ya pili, kundi A lilifika kwenye mashine na karatasi zao za KABLA mkononi. Msichana mmoja alikuwa ametabiri kwamba C3 itakuwa 200. Aliburuta, akaona 0, akaitazama karatasi, akaitazama skrini, kisha akabofya juu ya C3 na kusoma fomula kwenye mstari wa juu. "Imeshuka," akasema. "E nayo imeshuka." Mwenzake akaisoma kadi kwa sauti: kwa kila anwani jiulizeni, hii isogee au ibaki?

Swali hilo lina ukoo wa zamani. VisiCalc, lahajedwali la kwanza kuenea kwenye kompyuta ndogo, lililotoka mwaka 1979, lilikuwa likiliuliza lenyewe: ukinakili fomula, lilisimama kwenye kila anwani na kutaka uchague kama ibaki vilevile au isogee. Programu za leo haziulizi. Zinasogeza zote na kungoja uwe umeweka dola mwenyewe. Kadi ya manila iliurudisha ule usumbufu wa zamani, na kwa anayejifunza ni usumbufu wenye faida.

Waliomaliza mapema walikuta swali la mwisho nyuma ya kadi: dola moja inaweza kutosha, ni ipi? Ni ile inayotangulia 1, yaani `E$1`, kwa kuwa kunakili kwenda chini hubadilisha namba ya mstari na kuiacha herufi ya safu. Jozi mbili zililipata. Moja ilikuwa ya kundi B, lililoanzia kwenye mashine bila utabiri, na nadhani ilimfurahisha mwalimu kuliko alivyoonyesha.

Jioni alijaza kisanduku cha tathmini. Wengi hukiandika kwa sentensi moja isemayo somo limeeleweka. Yeye aliandika kwamba bahasha ya makosa ilifunguliwa mapema na kundi C, kwa hiyo safari ijayo atakaa nayo mwenyewe. Akaandika kwamba dakika mbili za kuhama hazikutosha kwa kundi lililotoka kwenye mashine, kwa sababu kuhifadhi faili kulikula moja nzima, na kwamba atakata dakika moja ya ubaoni na kuiongeza hapo. Kisha akafungua daftari la zamu, akaandika tisa mbele ya kila jina, na juu ya ukurasa wa wiki inayofuata akapanga upya mwanzo: B kwenye karatasi, C kwenye kompyuta, A kwenye makosa.